'Ni meno tu hayo': Unaposoma dalili za mtoto huku jibu tayari unalo

Ijumaa jioni, katika nyumba moja ya Tabata jijini Dar es Salaam, mtoto wa miezi tisa anaanza kutoa udenda kuliko kawaida. Anang'ata kila kinachomfikia mkononi, kuanzia kijiko cha uji hadi rimoti ya televisheni. Bibi yake, aliyekuja kusaidia kulea, anampitishia kidole kwenye ufizi wa chini, anahisi kitu kigumu, anatabasamu.

"Mwanangu, meno hayo yanakuja," anamwambia mkewe mwanawe.

Bibi hakukosea. Jino lilikuwa linakuja kweli, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia.

Jumamosi asubuhi mtoto anaamka na joto. Mama anamgusa paji la uso kwa kiganja, anasema ni joto la meno. Mchana kinaanza kikohozi, na jirani aliyepita kuomba chumvi anasema wake pia alipoota meno alikuwa na mafua. Jioni mtoto ananyonya kidogo, anaacha, analia. Fizi zinamuuma, maskini. Usiku mama anachukua simu, anaandika kwenye sehemu ya kutafutia: "joto la meno kwa watoto". Yanakuja majibu chungu nzima, kwa kuwa simu humletea mtu kile alichokiulizia. Anasoma matatu yanayokubaliana naye. La nne linasema mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa, na hilo analipita haraka. Huyo, anajisemea, anatisha watu tu.

Nyumba hiyo ni ya mfano, lakini mzazi aliyelea mtoto wa umri huo ataitambua. Angalia kilichotokea ndani ya saa 24. Zimekuja dalili tatu mpya, yaani joto, kikohozi na kunyonya kwa shida, na hakuna hata moja iliyobadilisha mawazo ya mtu. Kila moja ilipofika ilikuta jibu limeshakaa, ikageuzwa kuwa ushahidi wa jibu hilohilo.

Wanasaikolojia huiita tabia hiyo upendeleo wa uthibitisho. Mtu akishapata maelezo yanayomridhisha huanza, bila kujua, kuokota yale yanayoyaunga mkono na kuyaacha yanayoyapinga. Haihusiani na ujinga wala uvivu. Mama wa Tabata alikuwa macho usiku kucha, akimwangalia mtoto kila dakika kumi. Kuangalia hakukumsaidia, kwa sababu alikuwa akimwangalia mtoto anayeota meno.

Juu ya hilo kuna matamanio. Jumapili kituo cha afya kina foleni, bodaboda inataka nauli, na muuguzi huenda akauliza kwa ukali mbona amechelewa kuja. Meno hayadai nauli wala hayamgombezi mtu. Kati ya maelezo mawili yanayofanana uzito, moyo utaelemea upande ule usio na gharama, na mtu ataapa kwamba amepima mambo kwa haki.

Je, ni kweli kwamba meno huleta homa? Swali hilo limewahi kuchunguzwa kwa namna inayofaa kusimuliwa, maana linafichua pia jinsi kumbukumbu za wazazi zinavyofanya kazi.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, watafiti wa Melbourne, Australia, walifuatilia watoto 21 waliokuwa wakilelewa kwenye vituo vya kulelea watoto mchana. Joto lao lilipimwa kwa kipimajoto, vinywa vyao vilikaguliwa na mtaalamu wa meno, na wazazi pamoja na walezi walijaza maswali kuhusu siku ya mtoto ilivyokwenda. Meno 90 yaliota wakati wa ufuatiliaji huo. Watafiti walipolinganisha siku za jino na siku za kawaida, hawakuona uhusiano kati ya kuota jino na homa. Lakini walipowauliza wazazi baadaye, kwa kukumbuka tu, wote walisema mtoto wao alisumbuliwa na dalili za meno.

Wazazi hao hawakudanganya. Walikumbuka kwa uaminifu siku ambazo jino na homa vilikutana. Siku ambazo jino lilitoka kimya kimya, mtoto akicheza, hazikuwa na kitu cha kukumbukwa. Na homa zilizokuja bila jino lolote ziliwekwa kwenye fungu jingine.

Isieleweke kwamba meno hayana lolote. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo, uliofanyika Cleveland nchini Marekani kwa watoto 125, uliona udenda, kung'atang'ata, kusugua fizi na kulialia vikiongezeka siku chache kabla na baada ya jino kutokeza. Joto nalo lilipanda kidogo. Homa kali haikuhusishwa na jino. Kwa hiyo bibi wa Tabata ana haki yake kwenye udenda na rimoti. Homa na kikohozi havikuwa vyake.

Kwa nini basi dunia nzima imeamini kinyume chake? Sababu kubwa ni umri. Meno ya kwanza huanza kuota kwenye miezi sita hivi na kuendelea mpaka mtoto anapita miaka miwili. Katika miezi hiyohiyo kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama yake inapungua, anaanza kula vyakula vingine, anatambaa, na anatia mdomoni kila anachookota sakafuni. Huo ndio umri wa kuharisha, mafua, malaria na nimonia. Jino moja au jingine karibu kila mara liko njiani, hivyo ugonjwa wowote utakaoingia utalikuta, na lawama italiangukia.

Katika baadhi ya maeneo ya Tanzania na nchi jirani imani hii imekwenda mbali zaidi, ikafika kwenye kile kinachoitwa meno ya nailoni au meno ya plastiki. Mtoto mwenye homa na kuharisha hukaguliwa fizi, pakionekana weupe huambiwa hayo ndiyo yanayomuumiza, na kichipukizi cha jino huchokolewa na mganga. Kinachoonekana ni jino la kawaida ambalo bado halijatokeza. Kulichokoa huleta maumivu, damu nyingi, maambukizi, na pengine huharibu jino la ukubwani lililo chini yake.

Imani hiyo inaendelea kuishi kwa sababu ya namna ushahidi wake unavyohesabiwa. Homa nyingi za watoto hupoa zenyewe baada ya siku chache, kwa hiyo wengi wa waliochokolewa watapona, na mganga atasifiwa. Aliyefariki ataambiwa aliletwa akiwa amechelewa. Aliyepona bila kuchokolewa hatajwi kabisa. Hakuna tokeo hata moja linaloweza kusema imani hiyo si kweli, na hiyo ndiyo alama ya kuitilia shaka imani ya aina yoyote kuhusu ugonjwa wa mtoto. Mzazi ajiulize ni kitu gani, kikitokea kesho, kitamfanya akubali kwamba si meno. Akikosa jibu, basi haangalii dalili tena.

Hali kama hiyo ipo hata mjini, kwa watu wasioamini meno ya nailoni. Kipimo cha haraka cha malaria kimetoka hakuna vimelea, na mzazi anatoka kituoni akisema "malaria imejificha", kisha anapitia duka la dawa kununua dozi. Kikionyesha vimelea, ni malaria. Kisipoonyesha, ni malaria iliyojificha. Ukiwa umeshaamua hivyo, kipimo hakina kazi tena. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limetaka kila anayehisiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa. Sababu mojawapo ni hii ya watoto: homa isiyo malaria ina chanzo kingine, na chanzo hicho kinaendelea kufanya kazi yake wakati mtoto anameza dawa isiyomhusu.

Turudi Tabata, kwa kuwa Jumamosi ile ina jambo lililofichika.

Saa tatu asubuhi mama alimpa mtoto dawa ya maji ya parasetamo. Saa nne na nusu joto lilikuwa limeshuka, mtoto alikuwa akicheza na kifuniko cha sufuria, na bibi akasema, "Si unaona? Lingekuwa jambo kubwa angecheza?" Saa tisa alasiri joto lilirudi. Akapewa dawa tena, likashuka tena, akalala. Mama akalala akiwa na kumbukumbu mbili nzuri, za mtoto aliyecheza na mtoto aliyelala.

Parasetamo hushusha joto la nimonia, la malaria na la mafua ya kawaida. Haichagui. Nguvu yake hudumu kwa saa nne hadi sita hivi, kisha homa hurudi ilipokuwa. Kwa hiyo mtoto kuchangamka saa moja na nusu baada ya dawa kunatuambia kwamba dawa imefanya kazi. Kuhusu ugonjwa wenyewe hakutuambii mengi. Hata bila dawa, homa ya malaria hupanda na kushuka ndani ya siku moja.

Kama Jumamosi ile ingeandikwa kwenye daftari, au kwenye ujumbe ambao mama anajitumia mwenyewe kwa simu, ingesomeka hivi: saa 1 asubuhi, joto 37.9. Saa 3, dawa. Saa 4:30, joto 37.1, anacheza. Saa 9, joto 38.3. Saa 9:15, dawa. Tangu asubuhi amenyonya mara 3, jana muda kama huu mara 7.

Mtu yeyote akiusoma mstari huo anaona anachokiona daktari. Homa inarudi kila dawa inapoisha, na mtoto ananyonya chini ya nusu ya kawaida yake. Aliyekuwa naye siku nzima hakuliona, maana kichwani hakuweka namba bali hukumu: "kachangamka", "kala kala kidogo", "joto limepungua". Hukumu huja ikiwa imeshachanganywa na kile mtu anachokitaka. Daftari liandikwe kilichoonekana, yaani namba, saa na idadi, na neno meno lisiandikwe popote. Joto la kwapani la 37.5 au zaidi ni homa. Kiganja kilichotoka kufua nguo kwenye maji baridi kitaona kila mtoto anachemka, na kilichotoka jikoni kitaona hakuna mwenye joto.

Hapa liongezwe jambo la usalama kabla ya kisa kuendelea. Katika maeneo yenye malaria, mtoto mdogo mwenye homa anatakiwa kupimwa ndani ya saa 24, hata kama jino linaonekana kwa macho. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa apelekwe saa hiyohiyo. Na mtoto wa umri wowote chini ya miaka mitano anayeshindwa kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea au asiyeamka vizuri, huyo hahitaji daftari. Ni kumbeba na kuondoka.

Jumapili asubuhi mama wa Tabata anakumbuka kwamba siku moja kliniki alimwona muuguzi akihesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi. Hili ni jambo ambalo mzazi anaweza kulifanya nyumbani bila kifaa chochote zaidi ya saa ya simu. Mtoto awe ametulia au amelala, asiwe ananyonya wala kulia. Nguo ipandishwe ili tumbo na kifua vionekane. Kupanda na kushuka mara moja ni pumzi moja. Zihesabiwe kwa dakika nzima, siyo sekunde 15 kisha kuzidisha kwa nne, maana mtoto mchanga hupumua kwa kasi isiyolingana na kosa dogo litazidishwa nalo. Kwa mtoto wa miezi miwili hadi chini ya mwaka mmoja, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano ni 40 au zaidi. Kwa aliye chini ya miezi miwili ni 60 au zaidi. Mtoto mwenye kikohozi anayepumua haraka kiasi hicho anahisiwa kuwa na nimonia. Sehemu ya chini ya kifua ikiwa inabonyea ndani anapovuta pumzi, hali ni nzito zaidi.

Mama anahesabu, anapata 54. Haimkai vizuri. Mtoto alijigeuza katikati, anajisemea, ngoja nirudie. Anapata 52. Labda ni kelele za pikipiki nje. Anarudia mara ya tatu, anapata 48, na hapo anaacha.

"Arobaini na nane, mama," anamwambia bibi kwa furaha. "Iko chini ya hamsini."

Hapo ndipo hata mtu mwangalifu hukamatwa. Namba zote tatu zilikuwa za kweli. Kilichopinda ni mahali pa kuacha. Fikiria kama hesabu ya kwanza ingekuwa 48. Asingerudia hata mara moja, wala asingeuliza kuhusu pikipiki. Kipimo kibaya alikidai ushahidi wa pili na wa tatu, na kizuri akakipokea mikono miwili. Kwa utaratibu huo mtoto karibu yeyote atapatikana mzima, mradi mzazi avumilie kuhesabu.

Dawa yake ni kuamua idadi kabla ya kuanza. Mtu aseme, nitahesabu mara mbili, nitaandika zote, na nitafuata iliyo kubwa. Kufuata kubwa si woga. Akienda bure amepoteza nauli na nusu siku. Akibaki kimakosa, nimonia ya mtoto wa miezi tisa haisubiri Jumatatu.

Vilevile mpaka uwekwe mapema. Jumamosi usiku mama na bibi walikubaliana kwamba asubuhi wakikuta joto bado lipo wataondoka. Asubuhi likawepo, na makubaliano yakawa "anywe uji kwanza", kisha "tumwogeshe kwanza", kisha "tuone mchana". Mpaka uliotamkwa kwa mdomo husogezwa kwa mdomo. Ulioandikwa usiku pamoja na saa yake, na ukatumwa kwa mtu mwingine, ni mgumu kuusogeza, kwa sababu atakuuliza.

Kwa bahati mtu huyo alikuwepo. Baba wa mtoto alikuwa Morogoro kikazi na alipiga simu kuuliza hali. Mama alitaka kumweleza habari za meno, kisha akafanya jambo lililobadilisha siku yao. Alimrekodi mtoto kifua wazi kwa dakika moja, akatuma video na maneno machache: "Hesabu kinapanda mara ngapi."

Hakumwambia amepata ngapi. Hakumwambia mpaka ni 50. Hakumwambia habari za jino. Baba alirudisha jibu la namba tu: 55.

Jicho la pili lina faida likiwa halijaambiwa la kwanza limeona nini. Jirani aliyeomba chumvi naye alikuwa jicho la pili, lakini alikaribishwa kwa kuambiwa "ana joto la meno", na alichofanya ni kuitikia. Ndivyo inavyotokea hata mbele ya mhudumu wa afya. Mzazi anayekaa kwenye kiti na kuanza na "mtoto anaota meno, amepata kahoma kidogo" ameshampa mhudumu aliyechoka pa kuishia. Anayeanza na "ana homa tangu jana asubuhi, anakohoa, amenyonya mara tatu badala ya saba, anapumua mara 55" amempa pa kuanzia. La meno litasemwa mwishoni, likiulizwa.

Bibi hakufurahia safari ile. Alikaa kimya ndani ya bajaji, kanga akiwa amejitanda mpaka kidevuni, na mkewe mwanawe alijua kwamba amemuudhi mkubwa. Ni gharama halisi ambayo ushauri wa afya huwa hauitaji. Kubadili mawazo nyumbani ni pia kumwambia mama mkwe, mbele ya watu, kwamba huenda alichosema sicho. Pengine ndiyo maana namba ya baba ilisaidia kuliko hoja yoyote. Haikumbishia mtu.

Kwenye zahanati muuguzi alihesabu 56. Joto lilikuwa 38.4. Kipimo cha malaria hakikuonyesha vimelea, na safari hii hakuna aliyesema imejificha. Kifua hakikuwa kinabonyea na mtoto bado aliweza kunyonya, kwa hiyo alitibiwa nimonia akiwa nyumbani, kwa vidonge vya amoksilini vinavyoyeyushwa kwenye maji, asubuhi na jioni kwa siku tano. Mama aliambiwa arudi baada ya siku mbili, au wakati wowote mtoto akishindwa kunyonya au kupumua kwa shida zaidi.

Jumanne, siku ya marudio, pumzi zilikuwa 42 na mtoto alikuwa anavuta shanga za muuguzi.

Alhamisi asubuhi bibi alikuwa akimlisha uji, kijiko kikagonga kitu. Aliufunua mdomo wa mjukuu wake kuelekea dirishani, jino likaonekana, jeupe, chini kushoto.

"Si nilisema?" akaita kwa sauti kutoka sebuleni.

Mama akacheka, akachukua daftari lililokuwa juu ya friji, akaandika chini ya mistari mingine: Alhamisi, saa 2 asubuhi, jino la kwanza. Joto 36.6.